Kila Mwezi na Wenyewe: Kalenda ya Kuzaliwa Darasani

Mwambie mtoto wa miaka saba akutajie miezi ya mwaka. Kama alifundishwa wimbo wake vizuri, atakutajia yote kumi na miwili bila kukwama. Kisha mwulize swali la pili: mwezi gani unatangulia Septemba? Mtazame midomo. Ataanza kunong'ona Januari, Februari, Machi, ataendelea hivyohivyo kwa zamu, na huenda akaipita Agosti bila kujua kwamba ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Akifika Septemba atasita, atakuangalia usoni, kisha ataanza upya kutoka Januari.

Mtoto huyo hana tatizo lolote. Mwanasaikolojia Mmarekani William Friedman, aliyechunguza kwa miaka mingi namna watoto wanavyouelewa wakati, alionyesha kwamba miezi huingia kichwani kwanza kama mlolongo wa maneno. Mtoto huuvuta mlolongo huo kutoka mwanzo kila anapohitaji kitu kilichomo. Kuujua kila mwezi mahali pake na kuweza kurudi nyuma bila kuimba ni hatua inayokuja baadaye, na kurudi nyuma huchelewa kuliko kusonga mbele.

Kwa hiyo mwalimu wa Darasa la Pili ana kazi mbili. Wimbo unaifanya ile ya kwanza, nao unaifanya vyema. Kazi ya pili ni kuutoa kila mwezi kwenye wimbo ili mtoto autambue ukiwa peke yake, na hapo ndipo kalenda ya kuzaliwa inaposaidia kuliko bango lolote la kununua. Katika wimbo, Mei haina tofauti na Juni isipokuwa sauti. Kwenye kalenda ya darasa, Mei ni mwezi wa Asha na wa yule kijana anayekaa karibu na dirisha, na Juni ni mwezi wangu mimi. Mtoto hasahau kilicho chake, wala hamsahau rafiki yake.

Lakini darasa likiwa na kalenda ya kuzaliwa ukutani, haimaanishi kwamba inafundisha. Nyingi zimebandikwa Januari, zikapambwa kwa maua ya rangi, na hazikuguswa tena hadi Desemba. Makala hii inaeleza namna ya kuitengeneza ile inayofanya kazi: inavyoanzishwa, inavyotumiwa kila siku, na mahali watoto wanapoteleza. Tutatumia mfano wa darasa la wanafunzi 48 katika shule ya msingi ya Tanzania.

Kwanza, tarehe

Kazi inaanza kabla manila haijakatwa. Mwalimu anahitaji tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto, na hapa ndipo wengi wanapokutana na ugumu wa kwanza. Rejista ya uandikishaji ina tarehe, lakini haifai kuaminiwa bila kuangaliwa. Ukiona watoto wengi kupita kiasi wamezaliwa tarehe 1 Januari, jua kwamba siku ya kuandikisha kuna wazazi waliosema mwaka tu, na mwandishi akajaza palipobaki wazi.

Chanzo kizuri zaidi ni cheti cha kuzaliwa, ambacho kwa Tanzania Bara hutolewa na RITA. Kama cheti hakipo, kadi ya kliniki ya mtoto husaidia sana, kwa sababu mara nyingi iliandikwa karibu na siku yenyewe ya kuzaliwa, wakati kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Mwalimu amwombe mzazi aje nayo siku ya kikao, au ainakili tarehe kwenye kipande cha karatasi na kumpa mtoto ailete.

Wapo pia watoto wasio na karatasi yoyote, na wengine wanalelewa na bibi ambaye hakuwepo siku ile. Hapa maswali mazuri hufungua mlango. Ilikuwa masika au kiangazi? Watu walikuwa wakipalilia au wakivuna? Ilikuwa kabla ya Krismasi au baada yake? Kwenye maeneo yenye misimu miwili ya mvua, masika humaanisha takriban Machi hadi Mei, na vuli humaanisha Oktoba hadi Desemba. Maeneo ya kati na kusini yana msimu mmoja mrefu wa mvua, hivyo mwalimu aliyehamia huko aulize wenyeji kwanza kabla ya kutafsiri majibu.

Familia za Kiislamu mara nyingi hukumbuka kwa Ramadhani, na hicho ni kidokezo cha uhakika endapo mwaka unajulikana. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku 10 au 11, hivyo Ramadhani husogea nyuma kila mwaka. Mwaka 2019 ilianza katika wiki ya kwanza ya Mei. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Mama akisema mwanawe alizaliwa katika kumi la kwanza la Ramadhani ya mwaka 2019, mwalimu anaweza kumweka katika Mei bila wasiwasi. Jambo la kuepuka ni kuichukua Ramadhani ya mwaka huu na kuifanya ndiyo ya mwaka ule.

Ikiwa baada ya yote mwezi haujulikani, mwalimu na mzazi wakubaliane juu ya mwezi mmoja unaoelekea kuwa ndio, na mtoto aambiwe kwa heshima kwamba huo ndio wake darasani. Mazungumzo hayo yafanyike pembeni. Mtoto wa miaka saba akiulizwa mbele ya wenzake "Wewe hujui siku uliyozaliwa?" atalibeba swali hilo nyumbani, na kalenda itakuwa imeshapoteza mtu mmoja kabla ya kuanza.

Uwanjani kabla ya ukutani

Somo la kwanza lifanyike nje. Mwalimu achore kwa chokaa, au kwa kijiti ardhini, vyumba kumi na viwili katika mstari mmoja, kila kimoja na jina la mwezi na namba yake. Kila mtoto awe ameshika karatasi yenye tarehe yake. Kisha watoto waitwe mwezi kwa mwezi, na kila mmoja asimame kwenye chumba chake, wakipangana nyuma ya mwenzao kwa foleni.

Katika darasa letu la mfano, Januari inapata watoto 6, Februari 3, Machi 5, Aprili 4, Mei 6, Juni 3, Julai 4, Agosti 2, Septemba 5, Oktoba 5, Desemba 5, na Novemba haina mtu. Watoto wanaona foleni ndefu na fupi kwa macho yao, na bila kufundishwa neno lolote la takwimu wameshatengeneza grafu. Waulizwe: foleni ipi ndefu kuliko zote? Watagombana kati ya Januari na Mei hadi wahesabu. Agosti na Julai zikiungana, zitaishinda Mei au zitakuwa sawa nayo? Hapo hisabati na miezi vinafundishwa kwa pamoja.

Kile chumba kitupu cha Novemba nacho kina somo. Watoto wengi watapendekeza kifutwe, kwa kuwa hakina mwenyewe. Mwalimu asikimbilie kueleza. Amwombe mmoja atembee kutoka Oktoba kwenda Desemba, kisha awaulize wengine amepita wapi. Mwezi upo hata kama hakuna aliyezaliwa humo, na mwaka hauwezi kuuruka. Baadaye Novemba inaweza kupewa mlezi: mwalimu mwenyewe kama alizaliwa mwezi huo, au mwalimu mkuu, au mti uliopandwa shuleni mwezi huo.

Baada ya hapo kazi ihamie ukutani. Manila tatu zikikatwa vipande vinne kila moja zinatoa kadi kumi na mbili zenye ukubwa wa kutosha kusomeka kutoka dawati la nyuma. Maboksi yaliyofunguliwa yanafaa vilevile. Kila kadi iandikwe jina la mwezi kwa herufi kubwa na namba yake pembeni, nafasi ya chini iachwe kwa majina. Majina yaandikwe na watoto wenyewe kwenye vipande vidogo, kila kimoja na tarehe: Asha, 14 Mei. Mwaka usiandikwe ukutani. Darasani kuna watoto waliochelewa kuanza shule au waliorudia darasa, na hakuna sababu ya umri wao kutangazwa.

Kadi zitundikwe kwenye kamba kwa vibanio vya nguo badala ya kugundishwa. Sababu itaonekana baadaye: kalenda inayofundisha lazima iweze kuteremshwa, kuvurugwa na kupangwa upya. Kamba nayo iwe chini. Mtoto wa miaka saba ana urefu wa karibu sentimita 120, kwa hiyo kadi zilizo juu ya ubao hazimhusu. Ziwekwe usawa wa macho yake, mahali anapoweza kuzigusa kwa kidole anapohesabu.

Namba na jina

Watoto wetu wanakuja shuleni wakiwa na mali ambayo baadhi ya walimu hawaitumii. Nyumbani hawasikii sana Machi na Aprili. Wanasikia mwezi wa tatu, mwezi wa nne. Baba anasema kodi ya nyumba italipwa mwezi wa sita, shangazi anasema atakuja mwezi wa kumi na mbili. Mtoto anayajua majina ya shuleni kwa upande mmoja na namba za nyumbani kwa upande wa pili, na mara nyingi hajawahi kuambiwa kwamba ni kitu kimoja. Ndiyo sababu kila kadi iwe na vyote viwili, na kila mtoto afundishwe kusema sentensi yake kwa njia zote: nimezaliwa Mei, nimezaliwa mwezi wa tano.

Namba inampa mtoto faida kubwa. Aliyejua kwamba Septemba ni mwezi wa tisa hana haja ya kuimba ili apate kinachoitangulia. Tisa hutanguliwa na nane, na nane ni Agosti. Sikukuu zetu zinasaidia kuzipigilia namba hizo mahali pake. Saba Saba ni tarehe 7 mwezi wa 7, siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954, kwa hiyo Julai ni saba. Nane Nane, siku ya wakulima, ni tarehe 8 mwezi wa 8, kwa hiyo Agosti ni nane. Mtoto akiwa na nguzo hizi mbili katikati ya mwaka, anaweza kuanzia hapo badala ya kurudi Januari kila mara.

Pana mtego hapa. Baada ya Saba Saba na Nane Nane, mtoto mwerevu anaweza kudhani kwamba Mei Mosi inaifanya Mei kuwa mwezi wa kwanza. Mwonyeshe kadi: mosi ni tarehe, na mwezi ni wa tano. Mtego wa pili unafanana na huo. Mwezi wa tatu na miezi mitatu vinasikika kama ndugu, na utamsikia mtoto akisema amebakiza mwezi wa tatu hadi siku yake, akimaanisha miezi mitatu. Usimkosoe kwa maelezo. Mpeleke kwenye kamba, aguse kadi ya Machi kwa swali la kwanza, na ahesabu kadi tatu kwa swali la pili. Tofauti ataishika kwa mkono.

Mtego wa tatu uko kwenye maandishi. Tarehe 5/3 inasomwa tano Machi, siku kwanza na mwezi baadaye. Mtoto aliyezaliwa 3/5 na aliyezaliwa 5/3 wasimamishwe pamoja mbele ya darasa, kila mmoja na karatasi yake, na wenzao waamue nani aende kwenye kadi ipi. Tarehe kama 25/3 haina utata, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo ni vizuri kuanza nayo.

Dakika tano za kila asubuhi

Kalenda inafundisha kwa sababu inarudiwa, na dakika tano kila asubuhi zinatosha. Kibanio kimoja chenye rangi tofauti, au mshale wa karatasi, uwekwe kwenye mwezi uliopo. Mtoto mmoja kwa zamu awe mtunza kalenda wa wiki. Yeye ndiye anayesimama mbele na kuuliza maswali matatu. Tuko mwezi gani, na ni wa nani? Mwezi uliopita ulikuwa upi, na ulikuwa wa nani? Mwezi ujao ni upi, na utakuwa wa nani?

Maswali hayo yanaonekana mepesi, lakini yana ugumu wake. Julai ilikuwa "mwezi ujao" wiki nne zilizopita, leo ni "mwezi huu", na karibuni itakuwa "mwezi uliopita". Kwa mtoto, hilo ni jambo la ajabu, kwa sababu amezoea vitu vyenye jina moja tu. Siku ya kwanza ya kila mwezi mshale uhamishwe mbele ya darasa zima, na aliyeuhamisha aseme kwa sauti kilichobadilika: Juni imepita, sasa ni Julai, inayofuata ni Agosti. Baada ya kuuona mshale ukihama mara kadhaa, watoto huanza kuelewa kwamba miezi imebaki palepale na sisi ndio tuliosogea.

Siku ya mtoto kuzaliwa ikifika, keki si lazima, na ni afadhali shule isiihusishe. Keki huanzisha mashindano kati ya wazazi wenye nacho na wasio nacho. Inatosha mtoto asimame karibu na kadi yake, aseme tarehe yake kamili na umri aliotimiza, wenzake wampigie makofi, kisha aulize darasa swali moja la miezi analolitaka yeye. Umaarufu wake wa siku hiyo unatokana na kuuliza swali, na watoto hulifikiria swali hilo siku kadhaa kabla.

Pia kuna dhana ambayo kalenda inaisahihisha polepole. Watoto wadogo wengi huamini kwamba sherehe ndiyo inayomwongezea mtu umri, hivyo asiyefanyiwa sherehe amebaki na umri uleule. Wengine hudhani aliye mrefu ndiye mkubwa kiumri, jambo ambalo Jean Piaget aliliandika tangu mwaka 1946 katika kitabu chake kuhusu watoto na wakati. Mweke mfupi aliyezaliwa Februari na mrefu aliyezaliwa Oktoba, wote wa mwaka mmoja, na uliuze darasa nani alianza kutimiza miaka saba. Hapa mwalimu awe mwangalifu kuchagua watoto wa mwaka mmoja, kwa kuwa kalenda ya ukutani haionyeshi mwaka, na aliyezaliwa Novemba anaweza kuwa mkubwa kuliko wa Januari kama alitangulia kwa mwaka.

Kuhesabu hatua

Swali wanalolipenda watoto kuliko yote ni hili: imebaki miezi mingapi hadi siku yangu? Na ndilo wanalolikosea kuliko yote. Tuseme mshale uko Aprili na Asha wa darasa letu angekuwa wa Septemba. Mtoto atagusa kadi ya Aprili na kusema moja, Mei mbili, Juni tatu, Julai nne, Agosti tano, Septemba sita. Jibu sahihi ni tano. Kosa lake ni kuuhesabu mwezi aliosimama.

Ukimwambia tu kwamba amekosea, kesho atarudia vilevile. Mrudishe uwanjani kwenye vyumba vya chokaa, asimame ndani ya Aprili, kisha aruke. Kila mruko ni hesabu moja. Kutoka Aprili hadi Mei ni mruko wa kwanza, na akifika Septemba ameruka mara tano. Akiwa Aprili bado hajaruka, hivyo hana cha kuhesabu. Baada ya miguu kujua hivyo, kidole kwenye kamba nacho kitafuata: aanze kwa kuweka kidole Aprili akiwa kimya, ndipo ahesabu kila anaposogea.

Ugumu wa pili hujitokeza mwishoni mwa mwaka. Mshale uko Oktoba, na mtoto wa Februari anauliza imebaki mingapi. Akitazama kamba anaona Februari iko kushoto, mbali, na anahesabu kurudi nyuma: minane. Au anafika Desemba na kusema mwaka umeisha, hakuna tena siku yangu. Mstari ulionyooka, uliomsaidia hadi hapa, sasa unamdanganya.

Hapa ndipo vibanio vinapoonyesha kazi yake. Kadi ziteremshwe na kupangwa sakafuni kwa duara, Desemba ikikaa ubavuni mwa Januari. Mtoto aruke kutoka Oktoba: Novemba moja, Desemba mbili, Januari tatu, Februari nne. Ni vyema kuweka kitu kinachoonekana kati ya Desemba na Januari, kama jiwe lililoandikwa mwaka mpya, ili kila anayelivuka aseme kwamba ameingia mwaka mwingine. Mstari ufundishwe kwanza, katika muhula wa kwanza, na duara lije baada ya likizo ya Juni. Ukileta duara mapema mno, watoto hawaoni mwanzo uko wapi.

Watoto ambao kalenda huwasahau

Shule zetu hufungwa Juni na Desemba, na waliozaliwa wakati wa likizo hupitwa kila mwaka. Baadhi ya walimu huwahamishia majina yao kwenye mwezi mwingine ili washangiliwe. Nia ni nzuri, lakini mtoto amefundishwa uongo kuhusu tarehe yake mwenyewe. Jina libaki kwenye kadi yake, na makofi yapigwe siku ya kufunga shule: hawa wanne watazaliwa tukiwa nyumbani, tuwapongeze sasa. Hata usemi huo unafundisha wakati ujao.

Mtoto wa tarehe 29 Februari naye ana siku inayokuja kila baada ya miaka minne. Ilikuwepo mwaka 2020 na 2024, na itakuwepo 2028. Katika miaka ya kati darasa limshangilie tarehe 28 Februari au 1 Machi, kama familia yake inavyofanya. Habari ya miezi yenye siku 30 au 31 isifundishwe pamoja na hii. Mtoto ajue kwanza mpangilio wa miezi, urefu wake utakuja baadaye.

Kuna pia familia zisizosherehekea siku za kuzaliwa kwa sababu za dini. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei, na baadhi ya Waislamu hawaoni vyema. Mwalimu azungumze na mzazi mapema na amweleze kwamba kinachofundishwa ni mwezi wa kuzaliwa, hakuna sherehe. Wengi hukubali. Asiyekubali asishurutishwe: mtoto wake anaweza kushika mwezi kwa tukio jingine, kwa mfano mwezi aliong'oka jino la mbele, jambo ambalo umri huo unalipata kwa wingi. Kadi yake itakuwa na mwenyewe kama nyingine, na yeye atauliza maswali kama wenzake.

Kupima kama imefanya kazi

Mwisho wa muhula, usimpime mtoto kwa kumwambia ataje miezi. Hilo alilijua kabla hujaanza. Vuruga kadi zote mezani na mpe tatu tu, tuseme Oktoba, Juni na Agosti, azipange. Kisha mwulize kinachofuata baada ya Juni, halafu kinachotangulia Oktoba. Msikilize anavyopata jibu. Akiimba kutoka Januari, bado yuko hatua ya kwanza. Akianzia Julai kwa sababu ni Saba Saba, au akisema "kabla ya Oktoba ni Septemba, ule wa rafiki yangu", ameshautoa mwezi kwenye wimbo. Swali la kurudi nyuma litabaki gumu kwa baadhi yao hata mwisho wa mwaka, na hilo ni la kawaida kwa umri huu. Waendelee nalo Darasa la Tatu.

Kwa mzazi unayesoma haya, mchango wako ni mdogo lakini hakuna mwingine awezaye kuutoa. Toa kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, mwonyeshe mwanao tarehe yake kwa kidole, mwambie siku na mwezi kwa majina yote mawili, kisha iandike kwenye karatasi na uipeleke kwa mwalimu wiki hii. Kama cheti hakipo, ofisi ya usajili wa vizazi ya wilaya yako ndiyo pa kuanzia, na mtoto atakihitaji muda mrefu baada ya kumaliza Darasa la Pili.